Kiambatisho umekisoma jana, leo hakipo: namna ya kushika faili ya barua pepe kwenye simu

Nina duka la steshenari Mbeya, karibu na chuo, na nusu ya wateja wangu wa asubuhi wanakuja na simu mkononi. Mazungumzo yetu yanafanana sana. "Dada, naomba uniprintie barua ya usaili." Nampa namba ya kunitumia. Anaingia kwenye folda ya "Download", anashusha chini, anapandisha juu, haioni. Anarudi kwenye barua pepe, anagusa kiambatisho, kiduara kinazunguka, kinazunguka, halafu anakumbuka kwamba bando limeisha usiku. "Lakini dada, jana nimeisoma yote mpaka mwisho!"

Anasema kweli, ameisoma. Ila kusoma kiambatisho na kuwa nacho ni mambo mawili, na programu za barua pepe hazimwambii mtu tofauti hiyo. Nitaeleza kwa Gmail kwenye simu za Android, kwa sababu ndiyo ninayokutana nayo mara nyingi, na nitatumia maneno ya Kiingereza yanayoonekana kwenye kioo jinsi yalivyo, maana wateja wangu wengi simu zao ziko kwa Kiingereza.

Unapogusa, faili inakwenda wapi

Chini ya ujumbe wenye kiambatisho kuna kadi ndogo yenye jina la faili. Juu ya kadi hiyo kuna sehemu tatu za kugusa, na kila moja inapeleka faili mahali pake.

Ukigusa kadi yenyewe, yaani jina au picha yake, faili inafunguka usome. Ili ifunguke, Gmail imeishusha kweli, bando limekatwa, ila imeiweka ndani ya hifadhi yake ya siri. Kila programu kwenye Android ina kabati lake ambalo programu nyingine haina ufunguo wake. Kabati la Gmail linaitwa hivi:

```
/data/data/com.google.android.gm/
```

Huwezi kulifungua kwa programu ya mafaili, hata ukitafuta siku nzima. Tena kilichomo kwenye sehemu ya muda ya kabati hilo hakina ulinzi: nafasi ya simu ikibana, au mtu akibonyeza "Clear cache" kwa kuwa ameambiwa inapunguza uzito wa simu, kinafutwa. Hapo ndipo unaporudi siku ya pili na kukuta faili inataka kushushwa upya.

Ukigusa mshale unaoelekea chini, faili inashuka kwenye folda ya "Download" ya simu, mahali ambapo programu zote zinaweza kuiona. Hii ndiyo faili yako. Njia yake ukiitazama kwenye maelezo ya faili inasomeka hivi:

```
/storage/emulated/0/Download
```

Usitishwe na hilo neno "emulated" wala sifuri. Ni kumbukumbu ya ndani ya simu tu, ile inayoandikwa "Internal storage".

Alama ya tatu ni ya pembetatu, ya Google Drive. Wengi wanaibonyeza wakidhani wanahifadhi kwenye simu. Ukweli ni kwamba nakala inatoka kwenye seva za barua pepe kwenda kwenye hifadhi yako ya Drive, hukohuko mtandaoni, na simu yako haipokei chochote. Faida yake ni kwamba bando halitumiki kushusha. Hasara yake ni kwamba huwezi kuifungua bila bando, labda uwe umeingia Drive mapema ukagusa nukta tatu pembeni ya faili na kuchagua "Make available offline". Ukitaka iwe faili ya kawaida ya simu, kwenye nukta hizohizo kuna "Download", nayo inaishushia kwenye folda ileile ya "Download".

Kuna kipimo kimoja ninachowafanyia wateja kabla hawajaondoka dukani. Washa hali ya ndege, ondoka kabisa kwenye barua pepe, ingia kwenye programu ya mafaili, kisha ifungue faili ukianzia humo. Ikifunguka, unayo. Isipoonekana, ulikuwa unaitazama tu.

Utaratibu ninaoufuata mwenyewe

1. Fungua ujumbe, shuka mpaka kwenye kadi, na uguse mshale, usiguse jina. Kama kadi ni ndogo na mshale hauonekani, gusa ifunguke, halafu tafuta mshale juu ya kioo au "Download" ndani ya nukta tatu.

2. Vuta pazia la taarifa kutoka juu ya kioo usubiri iandike kwamba imekamilika. Faili iliyokatika katikati huwa inafunguka kwa ujumbe wa kosa, na mtu anailaumu programu ya kusomea wakati kosa ni mtandao.

3. Fungua programu ya mafaili. Inaweza kuwa "Files" ya Google, kwenye Samsung ni "My Files", kwenye Xiaomi ni "File Manager". Ingia "Downloads" na upange kwa tarehe, mpya iwe juu.

4. Ibadilishe jina papo hapo. Hatua hii watu wanaiona ya ushamba, nami naisisitiza kuliko zote. Ukishusha `FOMU.docx` mara tatu, simu haifuti ya kwanza. Inaandika `FOMU (1).docx`, kisha `FOMU (2).docx`. Wiki moja baadaye hakuna anayejua ipi imejazwa. Andika kitu kinachojieleza, kama `fomu-ya-maombi-TUPU.docx`. Acha nukta na herufi za mwisho zilivyo, kwa sababu ambazo nitazieleza mbele.

5. Kama ni ya kuhariri, inakili kwenye folda ya "Documents" na ufungue nakala hiyo ukianzia kwenye programu ya mafaili, si kwenye barua pepe.

Hatua ya tano ndiyo inayookoa kazi ya mtu.

Mwalimu aliyetuma fomu tupu

Mwaka jana alikuja kijana mmoja, mwalimu, anaomba nafasi shule ya binafsi. Alitumiwa fomu ya Word ya kurasa nne. Aliigusa kwenye barua pepe, simu ikaifungulia kwenye programu moja ya ofisi ambayo sitaitaja, akaijaza jioni nzima, akabonyeza alama ya kuhifadhi, programu ikasema imehifadhi. Asubuhi akaandika barua pepe mpya, akabonyeza alama ya klipu ya kuambatisha, akaingia "Download", akachukua fomu, akatuma. Saa nne akapigiwa simu: "Mwalimu, mbona fomu yako haina kitu?"

Alikuja kwangu amekunja uso, anaamini kazi yake imefutwa. Nikamwambia hatujui bado, tutafute kwanza.

Kilichotokea ni hiki. Siku ya kwanza kabisa alikuwa ameishusha fomu kwa mshale, kwa hiyo nakala tupu ilikuwa imekaa "Download". Jioni hakuifungua hiyo. Alirudi kwenye barua pepe na kugusa kadi. Gmail inapoipa programu nyingine faili iliyo kwenye kabati lake, haiipi faili yenyewe. Inaipa anwani ya muda inayoanza na `content://` pamoja na ruhusa ya kusoma. Ruhusa ya kuandika haimo. Programu nzuri inakwambia mapema: juu ya kioo inaandika "Read-only", au ukitaka kuhariri inakuomba uhifadhi nakala na kukuuliza wapi. Programu aliyotumia mwalimu haikuuliza. Ilijitengenezea nakala ndani ya folda yake na kuhifadhi humo, kimyakimya. Kwa hiyo kulikuwa na fomu mbili zenye jina moja: tupu iko "Download", iliyojazwa iko ndani ya programu.

Kuitafuta hakukuchukua dakika tano, ila ni lazima uanze mahali sahihi. Usianze kwenye barua pepe na usianze kwenye programu ya mafaili. Anza kwenye programu uliyojazia. Karibu kila programu ya ofisi ina orodha ya mafaili ya karibuni, inaandikwa "Recent". Tukafungua, fomu ikawa ya kwanza, tukaigusa, majina yake yote yamo. Mwalimu akavuta pumzi.

Kabla ya kufanya lolote, nikagusa nukta tatu pembeni ya jina na kusoma maelezo ya faili. Njia iliyoandikwa ilipitia folda hii:

```
Android/data
```

Ukiona maneno hayo mawili kwenye njia ya faili yako, jua haiko mahali salama. Folda hiyo ni ya programu husika. Tangu Android 11 programu za kawaida za mafaili haziruhusiwi kuingia humo, ndiyo maana mwalimu asingeiona kirahisi akitafuta kwenye programu ya mafaili. Na siku atakayoifuta programu ile kwa sababu ya matangazo yake mengi, kila kilichomo kitafutwa pamoja nayo, bila kuulizwa.

Tukabonyeza "Save as", tukachagua kumbukumbu ya simu, folda ya "Documents", tukaiita `fomu-ya-maombi-IMEJAZWA.docx`. Kisha tukatoka, tukaifungua upya kupitia programu ya mafaili kuthibitisha majina yapo, ndipo tukaiambatisha. Kama "Save as" haipo, tumia "Share" ndani ya programu hiyohiyo na ujitumie mwenyewe kwa barua pepe. Inafika ikiwa imejazwa, na ukishaishusha kwa mshale iko mikononi mwako.

Na kama orodha ya "Recent" haina kitu, au faili inafunguka tupu? Hapo mara nyingi ndipo kazi imepotea kweli. Inatokea pale mtu alipojaza ndani ya dirisha la kusomea tu, akatoka bila kuhifadhi. Sijapata njia ya kuirudisha, na ukiambiwa upakue programu ya "kurejesha mafaili" kwa kazi ya aina hiyo, utapoteza bando tu.

Dirisha la kuchagua mahali, na lile kosa la kubonyeza haraka

Si programu zote za barua pepe zinazopeleka moja kwa moja "Download". Nyingine, ukibonyeza kuhifadhi, zinakufungulia dirisha la mfumo lenye kitufe cha "Save" chini. Dirisha hili lina tabia moja: mara nyingi linafunguka pale ulipolitumia mara ya mwisho. Kama jana ulihifadhi picha ya harusi kwenye folda ya picha, leo barua ya benki nayo itakwenda kwenye picha za harusi usipotazama.

Kabla ya "Save", tazama juu. Jina la folda limeandikwa pale. Kama silo, gusa mistari mitatu kwenye kona. Inatoka orodha yenye "Downloads", Drive kama unayo, kadi ya kumbukumbu kama imo, na jina la simu yako. Jina la simu ndilo kumbukumbu ya ndani, ingawa halisemi hivyo. Watu wengi hawaligusi kwa kuwa wanaona limeandikwa namba ya modeli tu.

Ukiwa umeshakosea, usifungue folda moja moja. Ingia kwenye programu ya mafaili, gusa alama ya kutafuta na uandike sehemu ya jina, au tazama orodha ya mafaili ya karibuni. Picha ni rahisi zaidi: picha iliyoshushwa kutoka kwenye barua pepe haikai pamoja na zile za kamera. Kwenye matunzio ingia kwenye albamu, utakuta moja inaitwa "Download".

Simu inapofungulia programu isiyofaa

Shida ya pili ni hii: unagusa barua ya PDF, simu inafungua programu ya kuhariri picha, au kisoma vitabu, au kitu kilichokuja na simu ambacho hujawahi kukiita. Kila siku hivyohivyo.

Chanzo karibu siku zote ni kidole chako mwenyewe. Siku moja simu iliuliza ifungue kwa programu ipi, na chini kulikuwa na maneno mawili, "Just once" na "Always". Ulikuwa na haraka, ukabonyeza "Always". Android ikaandika kwamba aina hii ya faili ni ya programu ile. Agizo hilo linahusu aina moja tu, ndiyo maana PDF inakwenda kusikofaa huku Word ikifunguka vizuri.

Kulifuta agizo hilo, kwanza mjue mwenye kosa, kwa sababu nembo za programu hizi zinafanana. Fungua kiambatisho kiende kulekule kusikofaa. Kisha fungua orodha ya programu zilizo wazi, kwa kitufe cha mraba au kwa kutelezesha kidole kutoka chini na kukishikilia. Juu ya kadi ya programu ile kuna nembo yake ndogo. Gusa nembo hiyo, na kwa baadhi ya simu bonyeza kadi kwa muda, utaona "App info" au alama ya herufi i. Umeingia kwenye ukurasa wa programu hiyohiyo bila kubahatisha jina.

Ndani ya ukurasa huo tafuta "Open by default". Samsung wanaandika "Set as default". Humo kuna kitufe cha kufuta, ama "Clear defaults" au "Clear default preferences". Bonyeza. Kama kitufe kimefifia na hakibonyezeki, programu hiyo haina agizo lolote, na sababu ni nyingine ambayo nitaifikia.

Sasa rudi kwenye "Downloads", gusa faili, simu itauliza upya. Ushauri wangu: bonyeza "Just once" kwa siku mbili tatu mpaka ujiridhishe na programu uliyochagua, ndipo uje kwenye "Always". Ukitaka mara moja tu kufungua kwa programu nyingine bila kuvuruga agizo, kwenye "Files" ya Google gusa nukta tatu pembeni ya faili na uchague "Open with".

Kuna watu wanaopita njia ya mkato ya "Reset app preferences". Haifuti mafaili wala ujumbe, hilo ni kweli. Lakini inarudisha mwanzo maagizo ya programu zote: programu ulizozizima zinawaka tena, taarifa ulizozinyamazisha zinaanza kupiga kelele, vizuizi vya bando ulivyoweka vinaondoka. Kwa mtu anayebana bando, kipengele hicho cha mwisho ni hasara ya asubuhi moja. Mimi siitumii kwa ajili ya faili moja.

Wakati mwingine simu inaanza kuuliza tena yenyewe, ingawa ulishabonyeza "Always". Haijaharibika. Umepakua programu mpya inayoweza kufungua aina hiyohiyo, na Android inaona heri ikuulize upya kwa kuwa sasa mna mgeni.

Halafu kuna hali ambayo Gmail haiulizi chochote. PDF inafunguka kwenye kisomeo cha Google moja kwa moja, na mtu anayetaka kusaini au kujaza anazunguka humo bila kuona kalamu. Usihangaike na maagizo. Shusha kwa mshale, kisha "Open with" kutoka kwenye programu ya mafaili.

Faili isiyojitambulisha

Hii ndiyo sababu niliyosema nitaifikia. Umefuta maagizo, bado faili inafungukia kusikofaa, au simu inasema hakuna programu ya kuifungua. Hapa kosa halipo kwako. Faili imefika ikiwa na utambulisho mbovu.

Barua pepe inapobeba kiambatisho, inaandika pembeni yake ni kitu cha aina gani. Simu inachagua programu kwa kutazama maandishi hayo na herufi za mwisho za jina. Siku moja mama mmoja alileta barua ya mwanawe kutoka chuoni. Kila simu tuliyojaribu iligoma. Nikafungua barua pepe yake kwenye kompyuta ya dukani, nukta tatu za ujumbe, "Show original", nikatafuta neno Content-Type mpaka kwenye kiambatisho. Kulikuwa na hivi:

```
Content-Type: application/octet-stream; name="BARUA YA UDAHILI"
Content-Disposition: attachment; filename="BARUA YA UDAHILI"
```

`application/octet-stream` maana yake ni rundo la data tu, haijulikani ni nini. Na jina halina nukta wala herufi za mwisho. Simu imepewa gunia lililofungwa bila lebo. Kama mtumaji angefanya sawasawa, pangeandikwa `application/pdf` na jina lingeishia `.pdf`.

Ili kujua kilichomo, niliifungua kwa Notepad. Usishangae kuona takataka za herufi. Unatafuta herufi za mwanzo kabisa tu. Zikiwa `%PDF`, ni PDF. Zikiwa `PK`, ni faili iliyobanwa, na Word na Excel za siku hizi zote zinaanza hivyo. Picha za simu kwa kawaida zinakuwa na neno `JFIF` au `Exif` karibu na mwanzo. Barua ya mama ilianza na `%PDF`. Kwenye simu tukaingia "Downloads", nukta tatu, "Rename", tukaongeza `.pdf` mwishoni mwa jina. Ikafunguka kwa mguso mmoja. Mama akaniuliza nimeifanyaje. Nilichofanya ni kubandika lebo tu.

Lebo haibadilishi kilicho ndani ya gunia. Kuna kijana aliyewahi kubadilisha `.docx` kuwa `.pdf` kwa kuandika upya jina, akatuma maombi ya kazi, na waliopokea hawakuweza kufungua. Kugeuza Word kuwa PDF ni lazima uifungue Word yenyewe kisha uhifadhi kama PDF, au upitie "Print" na kuchagua "Save as PDF".

Hiyo `PK` inaeleza pia ajabu nyingine inayowatisha watu. Faili ya `.docx` ni kifurushi kilichobanwa, kama zip. Simu isiyo na programu ya ofisi, au yenye agizo baya, inaweza kuipeleka kwenye programu ya kufungua zip, na unaona folda inayoitwa `word` na faili inaitwa `[Content_Types].xml`. Sio virusi na faili haijaharibika. Usibonyeze "Extract", utajaza simu vipande visivyosomeka. Toka, futa agizo la programu ya zip, weka programu ya ofisi, fungua upya.

Ukipokea `winmail.dat`, usipoteze muda na programu za simu. Hiyo inatokana na Outlook ya kompyuta inapotuma kwa muundo wake wa "Rich Text", ikafunga viambatisho vyote ndani ya faili hiyo moja. Mjibu mtumaji umwombe abadilishe muundo wa ujumbe kuwa "HTML" au "Plain Text" na atume tena. Ni sekunde chache kwake.

Kwa wenye iPhone

Wanakuja wachache, na kwao mambo ni mafupi. Kwenye programu ya "Mail", kugusa kiambatisho ni kukitazama. Kukihifadhi, bonyeza kwa muda, chagua "Save to Files", kisha utazame unakipeleka "iCloud Drive" au "On My iPhone". Ya pili ndiyo inayobaki kwenye simu hata bila bando. Picha ni tofauti: zina "Save Image", nazo zinakwenda kwenye "Photos", si kwenye "Files", na hapo ndipo watu wanapozitafuta mahali pasipo.

Ukiulizwa ruhusa ya kusakinisha

Kuna hali moja ambayo nasema usiendelee hata kidogo. Umegusa kitu kinachoitwa barua au ankara, badala ya kusomeka, simu inauliza kama uruhusu "Install unknown apps". Barua haisakinishwi. Kilicho mbele yako kinaishia na `.apk`, hata kama katikati ya jina kuna neno pdf, kwa mfano `ankara.pdf.apk`. Gmail inazuia viambatisho vya aina hiyo, lakini vinaletwa kwa kiungo ndani ya ujumbe, au kupitia programu nyingine za barua pepe. Bonyeza "Cancel", ingia "Downloads", bonyeza faili kwa muda na uifute. Kama ulikuwa umesharuhusu, ingia "Settings", utafute "Install unknown apps", ufungue jina la programu ya barua pepe au kivinjari ulichotumia na uzime swichi yake. Halafu pitia orodha ya programu zote uone kama kuna mgeni usiyemjua aliyeingia siku hiyo, umwondoe.

Kwa mteja aliyekuja na barua ya usaili na bando limeisha, namwashia mtandao wa duka, anagusa mshale, tunawasha hali ya ndege kujaribu, ndipo naprinti. Mia mbili kwa ukurasa.